Sakafu ya Bei na Mtikisiko Wake: Ufundi wa Kupima Vega na Ro Katika Kahawa ya Kagera

Kahawa ya Muleba huanza kuvunwa Mei. Kuanzia Kamachumu hadi Nshamba, na kwenye vibanja vyote vinavyoelekea Bukoba, buni huchumwa chini ya migomba na kuanikwa mpaka maganda yakauke na kulia yanapotikiswa mkononi. Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, Brazil inaingia majira ya baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti kila mfanyabiashara wa kahawa hulala akifikiria umande unaoweza kuganda usiku mmoja na kuunguza mikahawa ya nchi inayoongoza duniani kwa kuvuna zao hilo. Kwa hiyo mavuno ya Kagera huingia sokoni katika miezi ambayo bei ya London huwa na wasiwasi kuliko mingine. Mkulima wa Kihaya hajui usiku huo wa baridi, lakini malipo yake yamo ndani yake.

Nimevutiwa kwa muda mrefu na ufundi mmoja unaoishi ndani ya wasiwasi huo. Ni ufundi wa watu wanaotia bei kwenye opsheni, na hasa sehemu yake iliyo ngumu kuliko zote: kujua thamani ya opsheni itabadilika kiasi gani pale soko linapoanza kuogopa, hata kama bei ya kahawa yenyewe haijasogea. Kipimo cha badiliko hilo huitwa vega. Ndugu yake mdogo, ro, hupima riba. Nitavieleza kupitia kahawa, kwa sababu hapo ndipo vinapoonekana vizuri, na kwa sababu hapo ndipo vinapotugusa.

Opsheni ya kuuza ni haki ya kuuza kahawa kwa bei iliyokubaliwa leo, ndani ya muda uliowekwa. Mwenye haki halazimiki kuitumia. Bei ikianguka, anaitumia na kupata ile aliyokubaliana. Bei ikipanda, anaiacha ife na kuuza sokoni kwa bei mpya. Hapo ndipo inapotofautiana kabisa na butura, ule uuzaji wa kahawa ikiwa bado maua au buni mbichi mtini, ambao serikali imeupiga vita miaka mingi mkoani Kagera. Aliyeuza kwa butura amepata fedha ya ada ya shule, lakini bei ikipanda, faida yote ni ya mnunuzi. Aliyenunua opsheni ya kuuza ameweka sakafu chini ya bei yake na kuacha paa wazi. Anachotoa ni ada, inayolipwa mwanzoni na isiyorudi.

Jambo hili si geni kwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya kahawa ilipokuwa imeanguka vibaya, Benki ya Dunia iliendesha mpango wa kusaidia vyama vya wakulima kukabili hatari ya bei, na chama kikuu cha KNCU cha Moshi kilikuwa miongoni mwa walionunua opsheni za kuuza. Sababu yake inaeleweka na kila mwanachama wa AMCOS. Chama kinachotoa malipo ya awali kwa mkulima leo, na kuuza kahawa miezi kadhaa baadaye, kimebeba hatari yote ya katikati. Bei ikishuka chini ya malipo ya awali, hasara ni ya chama, na chama kikianguka, mkulima ndiye anayebaki bila mnunuzi anayemwamini. Kahawa ya Kilimanjaro ni arabika na hufuata bei ya New York. Yetu ya Kagera ni robusta kwa sehemu kubwa, na hufuata London, kwenye soko la ICE, ambako loti moja ni tani 10 na bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa tani.

Tuchukue basi chama cha mfano, kilichopo Muleba, chenye tani 100 za kahawa safi kinazotarajia kuuza Novemba. Hizo ni loti 10. Ni Mei, na bei ya London kwa kahawa ya Novemba ni dola 4,000 kwa tani. Chama kinataka sakafu palepale, dola 4,000, kwa miezi sita. Ada yake ni kiasi gani?

Mtu wa kwanza kutoa jibu linalotumika hadi leo kwa mikataba ya mbele ya mazao alikuwa Fischer Black, mwaka 1976. Hesabu yake inahitaji vitu vitano: bei ya sasa, sakafu, muda, riba, na mtikisiko wa bei. Vinne vya kwanza vinasomwa tu. Bei iko kwenye skrini, sakafu na muda vimeandikwa kwenye mkataba, riba inatangazwa. Cha tano hakisomwi popote. Mtikisiko ni kadirio la jinsi bei itakavyoyumba kuanzia leo hadi Novemba, na hakuna anayejua Novemba. Ufundi wote uko hapo.

Mtikisiko husemwa kwa asilimia kwa mwaka. Ukisikia asilimia 35, maana yake ni kwamba katika mwaka mzima kuna uwezekano wa karibu theluthi mbili kwamba bei itabaki ndani ya asilimia 35 kupanda au kushuka. Namba hiyo ni kubwa mno kuihisi, kwa hiyo mafundi huigeuza iwe ya siku moja. Mwaka una siku za soko zipatazo 250, na kipeuo cha pili cha 250 ni karibu 16. Asilimia 35 ukiigawa kwa 16 unapata kama asilimia 2.2 kwa siku. Kwa kahawa ya dola 4,000, hiyo ni dola 88. Sasa mtu anaweza kuiona. Asilimia 35 ni soko ambalo kwa siku ya kawaida husogea dola 88 hivi, juu au chini. Asilimia 50 ni soko la dola 125 kwa siku. Mwenye kufuata bei kila asubuhi atajua ndani ya wiki mbili ni soko la aina gani analoishi nalo.

Tuseme mtikisiko ni asilimia 35 na riba ya dola ni asilimia 5. Hesabu ya Black inatoa ada ya dola 384 kwa tani. Kwa tani 100 ni dola 38,400. Kwa sakafu iliyo sawa na bei ya siku hiyo kuna njia fupi ya kufika karibu sana na jibu hilo bila mashine kubwa:

```
ada ≈ 0.4 × bei × mtikisiko × √muda
0.4 × 4,000 × 0.35 × √0.5 ≈ 396
```

Ukiipunguza kidogo kwa sababu fedha inalipwa leo na faida inakuja baada ya miezi sita, unapata 386. Tofauti na hesabu kamili ni dola 2. Naipenda kanuni hii kwa sababu inaonyesha mifupa ya jambo lenyewe: ada inakua sambamba na mtikisiko, na inakua kwa kipeuo cha pili cha muda. Sakafu ya mwaka mzima haigharimu mara mbili ya ile ya miezi sita. Inagharimu kama mara 1.4.

Na hapo vega imeshajitokeza yenyewe. Tukiuliza ada itaongezeka kiasi gani mtikisiko ukipanda kwa pointi moja tu, kutoka asilimia 35 hadi 36, kila kitu kingine kikibaki vilevile, jibu la hesabu kamili ni dola 10.92 kwa tani. Hiyo ndiyo vega ya opsheni hii. Kwa loti 10 ni dola 1,092 kwa kila pointi. Chama kilichodhani kimenunua ulinzi wa bei tu, kimenunua pia mali inayopanda thamani kila soko linapoogopa na kushuka kila linapotulia.

Sasa mtikisiko uruke. Tuseme taarifa zinakuja usiku kwamba hali ya hewa kusini mwa Brazil inatisha, wauzaji wanajiondoa sokoni, na mtikisiko unapanda kutoka asilimia 35 hadi 50 ilhali bei ya kahawa, kwa sababu ya mabishano ya siku hiyo, imefunga palepale dola 4,000. Pointi 15 kwa dola 10.92 ni kama dola 164. Ukiongeza kwenye 384 unapata 548. Hesabu kamili inatoa 547. Sakafu ileile, kahawa ileile, bei ileile, lakini karatasi iliyokuwa na thamani ya dola 38,400 sasa ina thamani ya dola 54,700. Hakuna gunia lililoongezeka ghalani. Kilichoongezeka ni upana wa mambo yanayoweza kutokea kabla ya Novemba, na mwenye haki isiyo na wajibu hufaidika na upana huo kwa sababu upande mbaya hauwezi kumgusa zaidi ya ada aliyokwisha kulipa.

Lakini katika kahawa mtikisiko hauruki peke yake mara nyingi, na hapa ndipo ninapomheshimu fundi zaidi. Kwenye soko la hisa, hofu huja bei zikianguka. Kwenye kahawa huja hasa bei zikipanda, kwa sababu kinachotisha ni uhaba. Baridi ya Julai 1975 iliyounguza mikahawa ya Paraná ilifanya hivyo. Baridi mbili za Juni na Julai 1994 zilifanya hivyo tena, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili katika wiki chache. Baridi ya Julai 2021 ilirudia somo lilelile, ingawa mashamba mengi ya Brazil yalikuwa yamekwisha kusogea kaskazini kuikimbia. Baridi huunguza arabika, lakini robusta hufuata, kwa sababu wakaangaji hukimbilia kuchanganya robusta zaidi pale arabika inapopanda.

Kwa hiyo tufanye mfano uwe wa kweli zaidi. Siku chache tu baada ya chama kununua sakafu yake, baridi inapiga. Bei inaruka kutoka dola 4,000 hadi 4,600, na mtikisiko unaruka kutoka 35 hadi 50. Katibu wa chama anafurahi kwa ajili ya kahawa yake, lakini anaitazama ile karatasi ya dola 38,400 na kudhani imekufa. Sakafu yake sasa iko dola 600 chini ya bei. Nani atainunua?

Fundi hafikirii hivyo. Yeye hulitenga badiliko katika sehemu zake, kama mama anavyopepeta buni zilizokobolewa ili ganda liende upande wake na punje ibaki. Kwanza anauliza: bei ingepanda hadi 4,600 na mtikisiko ukabaki 35, opsheni ingekuwa na thamani gani? Dola 184 kwa tani. Kwa hiyo kupanda kwa bei kumeila dola 200. Kisha anauliza: sasa mtikisiko uende 50. Thamani inakuwa dola 341. Mtikisiko umerudisha dola 157 kati ya zile 200. Karatasi ambayo katibu aliifikiri imekufa imepoteza dola 43 tu kwa tani, huku kahawa iliyo ghalani imepanda dola 600.

Kujua hivyo kunabadilisha uamuzi wa asubuhi hiyo. Chama kinaweza kuiuza sakafu ya zamani kwa dola 341 na kununua mpya kwenye dola 4,600, ambayo kwa mtikisiko wa 50 inagharimu kama dola 630. Kwa nyongeza ya dola 289, sakafu imepanda dola 600, na ile bei nzuri iliyoletwa na baridi haiwezi tena kupotea yote. Chama kisichojua vega kingeiacha karatasi ya zamani kwenye droo, kikiamini haina kitu, na kubaki na ulinzi wa bei ya kabla ya baridi.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni mkali. Tuseme chama kingine hakikununua Mei. Kilisubiri, na asubuhi ya hofu, bei ikiwa bado 4,000 na mtikisiko 50, kikakimbia kununua kwa dola 547. Wiki moja na nusu baadaye ripoti za mashambani zinasema baridi haikuunguza kitu. Bei iko palepale 4,000, mtikisiko umerudi 35. Opsheni iliyonunuliwa kwa 547 sasa haifiki hata 384, maana siku kadhaa zimepita pia. Zaidi ya dola 160 kwa tani zimeyeyuka bila bei kusogea hata dola moja. Viongozi watauliza imewezekanaje, kwa sababu walinunua ulinzi dhidi ya kushuka kwa bei na bei haikushuka. Walinunua hofu katika siku yake ya bei ghali.

Hatari hiyo hujulikana mapema kwa anayejua kuitafuta. Kanuni ya 0.4 inageuzwa kichwa chini: chukua ada unayotajiwa, igawe kwa 0.4, kwa bei, na kwa kipeuo cha muda, na utaona ni mtikisiko gani umefichwa ndani yake. Dola 547 zinatoa kama asilimia 48 au 49 kabla ya kurekebisha riba, na karibu 50 ukishairekebisha. Gawanya kwa 16: muuzaji anakutoza kana kwamba bei itasogea dola 125 kila siku hadi Novemba. Kisha tazama siku 20 zilizopita. Kama bei imekuwa ikisogea dola 80 au 90, unalipia kitu ambacho bado hakijatokea. Inawezekana kitatokea. Lakini sasa unajua unalipia nini, na unaweza kuamua kununua kwa nusu ya tani zako tu, au kushusha sakafu, au kusubiri siku tatu.

Kuna pia jambo la majira, na linatuhusu sisi hasa. Kwa kuwa kila mtu anaijua baridi ya Brazil, opsheni zinazopita katikati ya Juni, Julai na Agosti huwa tayari zimebeba nyongeza ya mtikisiko kabla ya umande wowote kuganda. Mavuno yetu yanapoanza Mei, hofu hiyo iko karibu na kilele. Chama kinachopanga sakafu yake miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati migomba na mikahawa ya Muleba bado inasubiri masika, mara nyingi hukuta soko lililotulia zaidi. Muda mrefu zaidi utaongeza ada, ndiyo, lakini kwa kipeuo tu, ilhali mtikisiko huiongeza moja kwa moja.

Vega yenyewe ina mipaka, na mipaka hiyo huonekana mbali na bei ya siku. Wapo wanaopendelea sakafu ya chini sana kwa sababu ni rahisi: ya dola 3,000, kwa mfano, inayolinda tu dhidi ya maafa kama yale ya mwisho wa 2001, robusta ilipouzwa London chini ya dola 400 kwa tani. Kwa mtikisiko wa 35, sakafu hiyo ya 3,000 inagharimu dola 50 tu. Vega yake ni dola 4.81, chini ya nusu ya ile ya kwanza, na mtu anaweza kudhani ni opsheni tulivu. Mtikisiko ukiruka hadi 50, vega inatabiri nyongeza ya dola 72, yaani thamani ya 122. Hesabu kamili inatoa 139. Mambo mawili yametokea. Thamani imekuwa karibu mara tatu, wakati opsheni ya 4,000 ilikua kwa mara 1.4 tu, kwa hiyo kwa kila dola iliyowekwa, sakafu ya mbali ndiyo inayoyumba zaidi. Na vega yenyewe imekua njiani, kwa sababu mtikisiko mkubwa umeileta ile sakafu ya mbali karibu na mambo yanayowezekana. Kwa mruko wa pointi moja au mbili vega inatosha. Kwa mruko wa pointi 15, opsheni ya mbali lazima ihesabiwe upya tangu mwanzo. Muuzaji wa opsheni za mbali asiyelijua hili ndiye hufilisika kwanza baridi inapopiga, maana ada ndogo alizopokea zilimfanya aone amebeba mzigo mdogo.

Ikumbukwe pia kwamba mtikisiko hauji kumsaidia mwenye sakafu kila mara anapouhitaji. Bei ya kahawa ikishuka polepole, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu Vietnam na Brazil zimevuna kwa wingi, soko huwa limejaa na halina haraka. Katika kushuka kwa namna hiyo mtikisiko huelekea kupungua. Opsheni ya kuuza bado italipa, kwa kuwa bei imeshuka, lakini vega itakuwa inavuta upande wa pili. Anayepanga bajeti ya chama asihesabu faida zote mbili kwa pamoja.

Sasa ro. Nimeiweka mwisho kwa sababu katika kahawa ni ndogo, na kujua kwamba ni ndogo ni sehemu ya ufundi. Kwenye opsheni yetu ya dola 384, riba ikipanda pointi moja, thamani inashuka dola 1.92 kwa tani. Sababu ni moja tu: faida itapokelewa baada ya miezi sita, na riba ikiwa juu, fedha ya baadaye ina uzito mdogo leo. Kuanzia Machi 2022 hadi Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kwa pointi 5.25, kupanda kwa kasi ambako dunia nzima ilikuhisi. Kwa opsheni kama hii, kupanda kote huko kungepunguza thamani kwa dola 10 hivi. Pointi moja tu ya mtikisiko, inayoweza kuja na kuondoka kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, ni dola 10.92.

Udogo huo una chanzo chake. Opsheni ya kahawa husimama juu ya mkataba wa mbele, na bei ya Novemba imekwisha kubeba ndani yake gharama ya kushika kahawa hadi Novemba. Kama opsheni ingesimama juu ya kitu kinacholipiwa taslimu leo, kama hisa, mambo yangekuwa mengine. Kwa namba zilezile ro ingekuwa kama dola 9.9 kwa pointi, karibu sawa na vega. Mtu aliyejifunza ro kwenye kitabu cha hisa kisha akaja kwenye kahawa ataiogopa riba mara tano zaidi ya inavyostahili.

Ila kuna riba nyingine ambayo haimo kwenye herufi yoyote ya Kigiriki. Chama cha Muleba hakina dola 38,400 kabatini. Kitakopa. Tuseme benki inatoza asilimia 15 kwa mwaka. Kwa miezi sita, riba ya kubeba ada ya dola 384 ni dola 29 kwa tani, mara 15 ya ro. Hiyo ni gharama halisi ya sakafu kwa mkopaji wa hapa, na haionekani kwenye karatasi ya muuzaji wa London kwa kuwa yeye hahesabu kwa riba yetu. Fundi mwaminifu huiandika kwenye mstari wake mwenyewe, chini ya ada, na kusema wazi: sakafu yenu si 4,000. Ni 4,000 toa 384 toa 29, yaani 3,587. Namba hiyo ndiyo inayopaswa kuamua malipo ya awali kwa mkulima.

Hata hiyo haijafika kibanjani. London haijui bei ya mnada wa Kagera, wala gharama ya kukoboa, wala lori la kwenda bandarini, wala shilingi ilivyosimama mbele ya dola siku ya malipo. Tofauti kati ya London na Bukoba inaweza kupanuka mwezi uleule opsheni inapolipa, na hakuna vega inayoizuia. Opsheni hulinda sehemu moja ya bei, iliyo kubwa kuliko zote, na kuziacha nyingine mikononi mwa chama.

Kinachonifanya niuheshimu ufundi huu ni kwamba haudai kuijua Novemba. Fundi wa opsheni hatabiri baridi. Anachofanya ni kuchukua namba moja isiyojulikana, kuipa kipimo, na kisha kukataa kuchanganya sababu. Thamani ikibadilika, anasema bei imefanya kiasi hiki, mtikisiko umefanya kiasi hiki, riba kiasi hiki, na siku zilizopita kiasi hiki. Jumla ikikataa kulingana na kilichotokea sokoni, anajua kuna kitu amekikosea, na anakitafuta kabla ya kulala.

Mkutano mkuu wa chama cha ushirika unastahili taarifa ya namna hiyo. Wanachama wamezoea kusikia sentensi moja: tumepata hasara kwa sababu ya soko la dunia. Ukurasa wenye mistari minne, kila mmoja na dola zake kwa tani, ungewawezesha kuuliza swali la haki: ni lipi kati ya haya lilikuwa mikononi mwenu? Kwa bei na baridi, viongozi hawana la kujibu. Kwa siku waliyochagua kununua, na mtikisiko waliokubali kuulipia, wanalo.